Hisa Zinazopimwa kwa Thamani ya Haki Kupitia Mapato Mengine Jumuishi: Maingizo Tangu Kununua Hadi Kuuza

Kampuni ikinunua hisa chache za kampuni nyingine, bila kupata mamlaka ya kuiendesha wala ushawishi mkubwa katika maamuzi yake, hisa hizo huwa rasilimali ya kifedha chini ya kiwango cha IFRS 9. Kiwango hicho, kilichoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2018, kinataka hisa zipimwe kwa thamani ya haki, na kwa kawaida mabadiliko ya thamani hiyo yaingie katika faida au hasara ya mwaka. Bei ikipanda, faida inapanda. Bei ikishuka, faida inashuka.

Kiwango kimeacha mlango mmoja wa hiari. Kampuni iliyonunua hisa kwa sababu za muda mrefu, na isiyotaka faida yake ya uendeshaji iyumbishwe na bei za soko, inaweza kuchagua kupeleka mabadiliko hayo katika mapato mengine jumuishi. Hii ni sehemu ya taarifa ya mapato inayokaa chini ya mstari wa faida ya mwaka. Hiari hii ina sharti zito: uchaguzi hautenguliwi, na faida au hasara iliyopita njia hiyo hairudi kamwe katika faida ya mwaka, hata hisa zitakapouzwa. Makosa mengi ya siku ya mauzo hutokana na kusahau sharti hilo. Mwongozo huu unafuata uwekezaji mmoja kuanzia siku ya ununuzi hadi siku ya mauzo na unaonyesha kila ingizo linalohitajika.

Uchaguzi unaofanywa mara moja

Uchaguzi hufanywa siku hisa zinapotambuliwa vitabuni kwa mara ya kwanza. Hufanywa kwa kila uwekezaji peke yake, hivyo kampuni inaweza kuchagua njia hii kwa hisa za benki fulani na kuacha nyingine zipite katika faida au hasara. Kisichoruhusiwa ni kungoja. Mhasibu aliyeona bei ikishuka mwezi Oktoba hawezi kuandika mwezi Desemba kwamba hisa zile zilichaguliwa tangu Machi. Kufanya hivyo ni kughushi uamuzi, na ni kosa la maadili kabla hata halijawa kosa la kiufundi.

Kwa sababu hiyo, ushahidi wa uchaguzi unapaswa kuwapo katika jalada kabla ya mwisho wa mwezi wa ununuzi. Waraka mfupi wa ukurasa mmoja unatosha. Uonyeshe jina la hisa, idadi, tarehe ya ununuzi, sababu ya kuzishikilia, tamko kwamba hazikununuliwa kwa biashara ya kuuza na kununua, na saini ya mwenye mamlaka pamoja na tarehe. Mkaguzi wa hesabu atauomba waraka huo mwaka wa kwanza na atarudi kuuomba mwaka wa mauzo.

Si kila uwekezaji unaweza kupita mlango huu. Hisa zilizonunuliwa ili ziuzwe karibuni kwa faida ya bei haziruhusiwi. Hisa zinazompa mwekezaji ushawishi mkubwa, jambo linalokisiwa kuwapo anaposhika asilimia 20 au zaidi ya kura, zina kiwango chake chenyewe cha IAS 28. Vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ambavyo mwenye navyo anaweza kuvirudisha kwa mfuko na kulipwa fedha, kama ilivyo kwa mifuko ya wazi ya UTT AMIS nchini Tanzania, havitimizi maana ya hisa za mtaji kwa ajili ya hiari hii. Vipande vya aina hiyo hupimwa kupitia faida au hasara. Kosa la kuviweka pamoja na hisa za soko ni la kawaida kwa sababu katika leja vyote huandikwa "uwekezaji", na mtu hatazami kilicho nyuma ya jina.

Kampuni zinazotayarisha hesabu kwa kiwango cha taasisi ndogo na za kati nazo zinapaswa kuwa makini, kwani sehemu za vyombo vya fedha za kiwango hicho hazitoi hiari hii. Kabla ya kuandika waraka wa uchaguzi, mhasibu ahakikishe ni mfumo gani wa viwango unaotajwa katika maelezo ya sera za hesabu za kampuni yake.

Mfano: siku ya ununuzi

Chukulia kampuni ya usafirishaji iliyopo Dar es Salaam, inayofunga mwaka wake tarehe 31 Desemba. Tarehe 3 Machi 2022 ilinunua hisa 100,000 za benki iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa shilingi 400 kila moja. Kamisheni ya dalali na ada nyingine za muamala zilifika shilingi 800,000. Bodi iliamua kuzishika hisa hizo kwa miaka mingi, na waraka wa uchaguzi ukasainiwa siku hiyohiyo. Takwimu ni za mfano, na kodi imeachwa kando ili hatua zenyewe zionekane.

Gharama za muamala wa kununua huongezwa katika thamani ya kwanza ya hisa. Hapa ndipo njia hii inapotofautiana na ile ya faida au hasara, ambako gharama hizo hupelekwa moja kwa moja kwenye matumizi ya mwaka.

Debiti: Uwekezaji katika hisa 40,800,000
Krediti: Benki 40,800,000

Kiasi hiki cha shilingi 40,800,000 ndicho gharama ya awali, yaani shilingi 408 kwa hisa. Daftari la uwekezaji likitunze mpaka hisa ya mwisho iuzwe, kwa sababu kipimo cha soko kitabadilika kila mwaka huku gharama hii ikibaki kuwa nanga ya hesabu zote zijazo.

Mwisho wa mwaka na gawio

Tarehe 31 Desemba 2022 bei ya kufunga soko ilikuwa shilingi 450. Thamani ya haki ya hisa zote ni shilingi 45,000,000. Ongezeko la 4,200,000 halionekani katika faida ya mwaka. Linaandikwa katika mapato mengine jumuishi na kulimbikizwa katika akiba ya thamani ya haki ndani ya mtaji wa wanahisa.

Debiti: Uwekezaji katika hisa 4,200,000
Krediti: Mapato mengine jumuishi (akiba ya thamani ya haki) 4,200,000

Wapo wanaopunguza kamisheni ambayo kampuni ingelipa kama ingeuza hisa siku hiyo. Haipunguzwi. Thamani ya haki ni bei ya soko yenyewe, na gharama ya kuuza hungoja mauzo yatokee. Jambo la kuangaliwa zaidi ni umri wa bei. Zipo hisa katika masoko yetu ambazo hukaa siku nyingi bila kuuzwa wala kununuliwa, na bei inayosomeka kwenye orodha ni ya muamala wa zamani. Mhasibu aangalie tarehe ya muamala wa mwisho na kiasi kilichouzwa kabla ya kuichukua bei hiyo kuwa kipimo cha siku ya kufunga hesabu. Ikiwa soko halina shughuli za kutosha, IFRS 13 inataka kipimo kitafutwe kwa njia ya tathmini, na maelezo ya njia hiyo yatolewe.

Katika mwaka 2023 benki ilitangaza gawio la shilingi 36 kwa hisa. Gawio huingia katika faida ya mwaka, mara haki ya kulipwa inapothibitika, ingawa bei ya hisa hupita njia nyingine.

Debiti: Gawio linalodaiwa 3,600,000
Krediti: Mapato ya gawio (faida au hasara) 3,600,000

Kuna hali moja ya kipekee. Gawio likiwa wazi kwamba ni kurudishiwa sehemu ya gharama ya uwekezaji, kwa mfano gawio kubwa mno linalolipwa wiki chache baada ya ununuzi kutoka katika faida iliyolimbikizwa kabla mwekezaji hajaingia, haliwi mapato ya mwaka. Hali hii ni nadra, na mhasibu anayedai kuwa ipo aandike sababu zake.

Mwisho wa mwaka 2023 bei ilishuka hadi shilingi 420. Thamani ya hisa ikawa 42,000,000, pungufu kwa 3,000,000 kutoka ile ya mwaka uliotangulia.

Debiti: Mapato mengine jumuishi (akiba ya thamani ya haki) 3,000,000
Krediti: Uwekezaji katika hisa 3,000,000

Salio la akiba sasa ni shilingi 1,200,000, ambalo ni tofauti kamili kati ya thamani ya 42,000,000 na gharama ya 40,800,000. Hata bei ingeshuka chini ya gharama, hakuna hasara ya kuporomoka kwa thamani ambayo ingepelekwa katika faida au hasara. Akiba ingekuwa na salio la debiti, basi. Chini ya kiwango cha zamani cha IAS 39 hisa kama hizi ziliitwa rasilimali zilizopo kwa ajili ya kuuzwa, na wahasibu walilazimika kubishana kila mwaka kama kushuka kwa bei kulikuwa kukubwa au kwa muda mrefu kiasi cha kuandikwa hasara. Hapo ndipo inapopatikana sababu ya sharti la kutorudisha faida. Kama faida ingeruhusiwa kurudi katika hesabu ya mwaka wakati wa mauzo, hasara nayo ingelazimika kupimwa njiani, na ubishi ule ungeanza upya. Waandishi wa IFRS 9 walikata mzizi huo: kipimo kinapita mara moja tu, na kinapopita hakirudi.

Siku ya mauzo

Tarehe 12 Novemba 2024 kampuni iliuza hisa 60,000 kwa shilingi 510 kila moja. Hati ya muamala kutoka kwa dalali ilionyesha mistari mitatu iliyohitajiwa na mhasibu: mauzo ghafi ya shilingi 30,600,000, makato ya kamisheni na ada ya shilingi 612,000, na kiasi cha kulipwa cha shilingi 29,988,000. Fedha zilitarajiwa siku ya tatu ya kazi, tarehe 15 Novemba. Kampuni hutambua miamala kwa tarehe ya biashara, hivyo maingizo yaliandikwa tarehe 12.

Kazi ya siku hiyo ina hatua nne. Kila hatua ina sababu yake, na zikifuatwa kwa mpangilio hakuna kinachobaki kimening'inia.

Hatua ya kwanza ni kupima upya hisa zinazouzwa hadi bei ya siku ya mauzo. Hisa 60,000 zilikuwa vitabuni kwa shilingi 420 kila moja, jumla 25,200,000. Bei ya mauzo inazifikisha 30,600,000. Ongezeko la 5,400,000 ni mabadiliko ya thamani ya haki kama yale ya kila mwisho wa mwaka, na hupita njia ileile.

Debiti: Uwekezaji katika hisa 5,400,000
Krediti: Mapato mengine jumuishi (akiba ya thamani ya haki) 5,400,000

Hatua ya pili ni kuondoa hisa vitabuni na kutambua deni la dalali. Kwa kuwa hisa zimekwisha kupimwa hadi bei yake, ingizo hili halina faida wala hasara. Hii ndiyo alama ya kwanza ya kazi iliyofanywa sawasawa: mauzo yenyewe hayazai tofauti yoyote.

Debiti: Dalali (fedha za kupokewa) 30,600,000
Krediti: Uwekezaji katika hisa 30,600,000

Hatua ya tatu ni gharama za kuuza. IFRS 9 haina aya inayozitaja kwa hisa za kundi hili, hivyo kampuni huweka sera na kuishika mwaka baada ya mwaka. Kampuni ya mfano huu imeamua kuzipeleka katika mapato mengine jumuishi pamoja na faida inayohusika nazo, na imeeleza sera hiyo katika maelezo ya hesabu. Kampuni yenye sera ya kuzipeleka katika matumizi ya mwaka nayo ifanye hivyo bila kubadilika kila inapoona njia nyingine inafaa zaidi.

Debiti: Mapato mengine jumuishi (akiba ya thamani ya haki) 612,000
Krediti: Dalali (fedha za kupokewa) 612,000

Tarehe 15 Novemba fedha zilipoingia, benki ilidebitiwa 29,988,000 na akaunti ya dalali ikakreditiwa kiasi hichohicho, ikafungwa.

Hatua ya nne ni kuhamisha faida ya hisa zilizouzwa kutoka akiba ya thamani ya haki kwenda faida iliyolimbikizwa ya kampuni. Kiwango kinaruhusu uhamisho huu ndani ya mtaji, hakiulazimishi. Kampuni nyingi huufanya kwa sababu akiba inayobaki huwa na maana iliyo wazi, nayo ni faida ya hisa ambazo bado ziko mikononi. Hesabu yake ni hii. Sehemu ya akiba ya zamani inayohusu hisa zilizouzwa ni asilimia 60 ya 1,200,000, yaani 720,000. Ongezeko la siku ya mauzo ni 5,400,000. Gharama za kuuza ni 612,000. Jumla halisi ni 5,508,000.

Debiti: Akiba ya thamani ya haki 5,508,000
Krediti: Faida iliyolimbikizwa 5,508,000

Kiasi hicho kithibitishwe kwa njia ya pili kabla ya kuidhinishwa. Fedha zilizopokewa ni 29,988,000. Gharama ya awali ya hisa 60,000, kwa shilingi 408 kila moja, ni 24,480,000. Tofauti ni 5,508,000. Njia mbili zinapokutana katika namba moja, mhasibu anaweza kusaini karatasi yake ya kazi kwa amani. Zisipokutana, mara nyingi kilichosahauliwa ni kamisheni ya siku ya kununua, ambayo haikuongezwa katika gharama.

Uhamisho huu haupiti katika faida ya mwaka wala katika mapato mengine jumuishi. Unaonekana katika taarifa ya mabadiliko ya mtaji peke yake, kama mstari unaotoka safu moja kwenda nyingine.

Kufunga mwaka baada ya mauzo

Zimebaki hisa 40,000. Gharama yake ya awali ni 16,320,000, na vitabuni zipo kwa 16,800,000. Tarehe 31 Desemba 2024 bei ilikuwa shilingi 500, hivyo thamani ni 20,000,000 na ongezeko ni 3,200,000, ambalo linakreditiwa katika mapato mengine jumuishi kama kawaida.

Mapato mengine jumuishi ya mwaka 2024 yanatokana na mambo matatu: 5,400,000 za siku ya mauzo, kutoa 612,000 za gharama, kuongeza 3,200,000 za mwisho wa mwaka. Jumla ni 7,988,000, na huonyeshwa katika kundi la vipengele ambavyo havitahamishiwa baadaye katika faida au hasara. Akiba ya thamani ya haki ilianza mwaka na 1,200,000, ikapokea 7,988,000, ikatoa 5,508,000, na kumaliza na 3,680,000. Salio hilo ni sawasawa na 20,000,000 kutoa 16,320,000.

Ulinganisho huo wa mwisho ndio kipimo bora kuliko vyote kwa kampuni inayohamisha faida za hisa zilizouzwa. Akiba iliyobaki lazima ilingane na thamani ya haki ya hisa zilizobaki ukitoa gharama yake ya awali, kabla ya kodi iliyoahirishwa. Hufanyika kwa dakika tano, na hugundua karibu kila kosa la mauzo.

Kodi nayo hufuata njia ya kitu inachokihusu. Pale ambapo faida ya hisa itatozwa kodi, IAS 12 inataka kodi ya mwaka na kodi iliyoahirishwa inayohusu mapato mengine jumuishi iandikwe humohumo, isichanganywe na kodi ya faida ya mwaka.

Pale mambo yanapoharibika

Kosa linaloonekana zaidi ni la kuuza hisa kana kwamba ni gari la kampuni. Mhasibu, au mfumo wa kompyuta uliowekwa bila uangalizi, huchukua fedha zilizopokewa, hutoa thamani ya vitabuni, na kuiita tofauti hiyo faida ya mauzo. Katika mfano huu ingekuwa 29,988,000 kutoa 25,200,000, na shilingi 4,788,000 zingeingia katika faida ya mwaka.

Kosa hili lina alama zake. Akiba ingebaki na 1,200,000 za zamani pamoja na 3,200,000 za mwisho wa mwaka, jumla 4,400,000, wakati hisa zilizobaki zinahalalisha 3,680,000 tu. Ziada ni 720,000, ambayo ni faida ya zamani ya hisa ambazo kampuni haina tena. Mkaguzi anayeona salio lisilo na mwenyewe katika akiba ajue kwamba kwa uwezekano mkubwa kuna faida ya mauzo iliyojificha katika mapato mengineyo, na aanze kuitafuta huko.

Kosa la pili ni la waliozoea IAS 39. Wao hukumbuka kupima upya na kukokotoa 5,508,000 kwa usahihi, kisha katika hatua ya nne hukrediti faida au hasara badala ya faida iliyolimbikizwa. Hesabu ni sahihi, mahali si sahihi. Wakati mwingine kosa hili hutokana na kuchanganya hisa na hatifungani. Hatifungani zinazopimwa kupitia mapato mengine jumuishi kwa hakika hurudisha faida yake iliyolimbikizwa katika faida ya mwaka zinapouzwa, na pia hupimwa kwa hasara ya mikopo inayotarajiwa. Makundi haya mawili yana jina linalofanana na kanuni zinazopishana. Akaunti zake za akiba zitenganishwe katika leja, ili ingizo la moja lisitumike kwa lingine kwa mazoea.

Hatari ya makosa haya inazidi pale ambapo malipo ya motisha ya menejimenti au gawio la wanahisa yamefungwa kwenye faida ya mwaka. Mkurugenzi aliyesimamia uuzaji mzuri anaweza kuuliza kwa nia safi kabisa kwa nini faida ya milioni tano haionekani katika matokeo yake. Anastahili jibu kamili: faida ipo, imeripotiwa katika mapato jumuishi kadiri ilivyopatikana, na sasa ipo katika faida iliyolimbikizwa. Njia hii ilichaguliwa siku ya ununuzi ikijulikana kwamba ingezuia hasara za bei kugusa matokeo ya mwaka, na kinga hiyo ina gharama yake. Aliyekubali kukingwa mwaka 2023 bei iliposhuka hana haki ya kudai faida ya mwaka 2024 bei ilipopanda. Mhasibu anayesimama katika jibu hilo huwatendea haki wanahisa wote, wakiwemo wasiokuwapo katika chumba cha mkutano.

Kuhusu gawio linaloweza kulipwa kutoka katika faida iliyolimbikizwa, uhamisho wa hatua ya nne ni ingizo la kihasibu na hautoi ruhusa ya kisheria. Sheria ya makampuni ndiyo inayosema faida ipi imepatikana kwa kweli na inaweza kugawiwa, na bodi ipate ushauri wa kisheria kabla ya kutangaza gawio linaloitegemea.

Maelezo yanayopaswa kutolewa

Msomaji wa hesabu hataiona faida ya mauzo katika faida ya mwaka, kwa hiyo kiwango cha IFRS 7 kinataka aelezwe mahali pengine. Kampuni hutaja uwekezaji uliochaguliwa kupimwa kwa njia hii na sababu ya kuuchagua, thamani yake ya haki mwisho wa mwaka, gawio lililotambuliwa likigawanywa kati ya hisa zilizouzwa ndani ya mwaka na zile zilizobaki, na uhamisho wowote uliofanyika ndani ya mtaji pamoja na sababu zake. Marekebisho yaliyotolewa mwaka 2024, yanayotumika kwa miaka ya hesabu inayoanza tarehe 1 Januari 2026 au baadaye, yanaongeza kwamba faida au hasara ya thamani iliyoingia katika mapato mengine jumuishi igawanywe vivyo hivyo.

Mwaka wa mauzo huongeza mambo matatu: sababu ya kuuza, thamani ya haki siku ya kuuza, na faida au hasara iliyolimbikizwa hadi siku hiyo. Kwa kampuni ya mfano, maelezo hayo yangesema kwamba hisa 60,000 ziliuzwa ili kugharimia ununuzi wa malori mapya, kwamba thamani yake ilikuwa shilingi 30,600,000, na kwamba faida ya hisa hizo iliyolimbikizwa hadi siku hiyo, baada ya gharama za kuuza, ilikuwa shilingi 5,508,000 na imehamishiwa katika faida iliyolimbikizwa ya kampuni.

Sababu ya kuuza iandikwe kwa ukweli na ilinganishwe na waraka uliosainiwa siku ya ununuzi. Mauzo ya mara moja kwa haja inayoeleweka hayaharibu uchaguzi wa awali, na hisa 40,000 zilizobaki zinaendelea katika kundi lilelile. Lakini kampuni inayonunua na kuuza hisa za aina hiyo kila robo mwaka, huku kila waraka ukisema ni uwekezaji wa miaka mingi, inajenga ushahidi dhidi ya maneno yake yenyewe kwa ununuzi ujao. Jalada lenye waraka wa uchaguzi, hati mbili za dalali, daftari la gharama ya awali na karatasi ya ulinganisho wa akiba linamwezesha mhasibu mwingine, miaka mitano baadaye, kufika katika namba ya 3,680,000 bila kumuuliza mtu.